Unasinzia na gari limenyamaza: kutafuta chanzo kwenye mfumo wa kutambua usingizi wa dereva

Malalamiko kuhusu mfumo wa kutambua usingizi huja kwa sura mbili. Wa kwanza analalamika kwamba gari linamwambia apumzike wakati hana hata dalili ya uchovu. Wa pili anasema kichwa kilimdondoka mara mbili usiku, na dashibodi haikutoa hata mlio. Lalamiko la kwanza ndilo linalopelekwa kwa fundi, kwa sababu linakera. La pili ndilo linaloua, na wengi hawalipeleki popote kwa kuwa kwenye dashibodi hakuna taa ya hitilafu iliyowaka. Mwongozo huu unapitia yote mawili, ila nitakaa zaidi kwenye lile la pili.

Anza hapa: gari lako linatazama nini?

Hakuna sensa ndani ya gari inayopima usingizi wenyewe. Usingizi uko kwenye ubongo, na gari linaona tu mikono yako, macho yako, au mstari wa barabara. Kabla ya kutafuta chanzo cha tatizo lolote, jua gari lako linategemea kipi kati ya hivyo.

Magari mengi yanategemea usukani. Sensa ya pembe ya usukani ilikuwepo tayari kwa ajili ya mfumo wa kuzuia gari kuteleza, kwa hiyo kuongeza utambuzi wa usingizi kulihitaji programu tu. Mercedes-Benz walikuja na Attention Assist ya namna hiyo mwaka 2009. Volvo walitangulia mwaka 2007 kwa njia nyingine: kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele inasoma mistari ya barabara, kisha kompyuta inalinganisha mwendo wa gari kati ya mistari na mwendo wa usukani. Kundi la tatu, ambalo sasa linaongezeka, lina kamera inayomtazama dereva usoni.

Kutofautisha ni rahisi. Tazama juu ya shingo ya usukani, pembeni mwa skrini ya katikati, au kwenye nguzo ya kioo upande wa dereva. Ukiona kidirisha cheusi kinachong'aa, chenye upana wa kidole au viwili, hiyo ni kamera ya uso. Usiichanganye na kamera iliyo karibu na kioo cha kutazamia nyuma, kwa kuwa mara nyingi hiyo inatazama mbele na haijui kama umefumba macho. Usipoona chochote ndani, basi gari lako linakadiria usingizi kwa usukani, pengine likisaidiwa na mistari ya barabara.

Onyo linatoka mapema na huna usingizi

Dereva aliye macho hurekebisha usukani mfululizo, nyuzi moja au mbili kila mara, bila hata kujua kwamba anafanya hivyo. Usingizi ukimnyemelea, marekebisho hayo madogo yanapungua. Usukani unatulia kwa sekunde mbili au tatu, gari linaanza kuegemea upande, kisha anashtuka na kuuvuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kompyuta inawinda jozi hiyo ya utulivu unaofuatwa na mshtuko. Inahesabu jozi ngapi zimetokea katika dakika zilizopita, na magari mengi huzipa uzito zaidi kadiri saa za safari zinavyoongezeka na usiku unavyokuwa mkubwa.

Sasa fikiria ni nini kingine kinachoweza kutoa jozi ile ile. Upepo mkali wa pembeni unakulazimisha kuvuta usukani ghafla. Barabara yenye mabonde ya matairi ya malori inalivuta gari huku na huku. Tairi lenye upepo mdogo, alaimenti iliyoharibika, au viungo vya usukani vilivyolegea hufanya vivyo hivyo. Kiungo kikilegea, unageuza usukani kidogo na gari halijibu, kisha unaongeza na linajibu kwa mkupuo. Kwa kompyuta huo ni mtindo wa mtu anayesinzia.

Ili kujua kama kosa liko kwenye gari, mpe mtu mwingine aliyelala vizuri aliendeshe mchana, kwenye barabara laini, siku isiyo na upepo. Naye akionywa mapema, anza na upepo wa matairi na alaimenti. Kisha angalia mikono ya usukani ukiwa kwenye barabara iliyonyooka. Kama gari linakwenda sawasawa lakini usukani umekaa upande, huenda alaimenti ilifanywa na sensa ya pembe haikurudishwa kwenye sifuri. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari huirekebisha kwa muda mfupi.

Kama mwingine haonywi na wewe unaonywa, usikimbilie kusema mfumo ni mbovu. Watu huwa wepesi kukubali kwamba wana usingizi, lakini ni wagumu kutambua usingizi huo umefika wapi. Onyo la mapema baada ya usiku wa kulala kwa muda wa saa nne tu lina nafasi kubwa ya kuwa sahihi.

Alama imekuwa ya kijivu, au skrini inasema mfumo haupatikani

Hili halina mengi. Kama gari lako linategemea mistari ya barabara, usiku wa mvua lami inang'aa kwa taa za magari yanayokuja, na mistari iliyofutika inapotea kabisa. Safisha kioo cha mbele kwa nje na kwa ndani pale juu kilipo kioo cha kutazamia nyuma, hakikisha waipa zinapitia sehemu hiyo, na uondoe stika yoyote iliyobandikwa hapo. Kama ni kamera ya uso, pangusa alama za vidole kwenye kidirisha chake, halafu kaa kama unavyokaa ukiendesha uone kama duara la usukani limekatiza kati yake na macho yako. Kushusha usukani kidogo tu kunaweza kuiziba kamera iliyo kwenye shingo ya usukani.

Kamera ya uso inakusingizia, au haikuoni

Kamera hii haihitaji taa ya ndani. Pembeni yake kuna vitaa vya infraredi, mara nyingi vya mawimbi ya nanomita 940, ambavyo jicho la mtu halivioni. Kwa hiyo giza lenyewe si tatizo, na hapo madereva wengi hukosea wanapodhani kamera inakuwa kipofu usiku. Ukitaka kujua kama vitaa vinafanya kazi, washa gari, elekeza kamera ya mbele ya simu yako kwenye kile kidirisha cheusi, na utazame skrini ya simu. Kwenye simu nyingi utaona vidoa vya zambarau au vyeupe. Zipo simu zinazochuja infraredi, kwa hiyo usipoona kitu jaribu simu nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Kinachoisumbua kamera ni kile kilicho kati yake na mboni ya jicho. Lenzi ya miwani ikirudisha mwanga wa vitaa, kwenye picha kunabaki doa jeupe mahali palipokuwa na jicho. Miwani ya jua ni kigeugeu: ipo inayopitisha infraredi, na kamera ikakuona kana kwamba hukuivaa, na ipo inayoizuia kabisa. Kofia yenye ukingo mrefu hufunika macho kwa juu.

Halafu kuna suala la kope. Ukitazama chini kwenye mita ya mwendo, kope zako hushuka pamoja na jicho. Kwa kamera iliyo mbele yako, jicho linalotazama chini linafanana sana na jicho linalofumba. Mtu mwenye kope zilizolegea kwa maumbile hupata tatizo hilo hilo muda wote. Kama maonyo yako yanakuja kila unapotazama skrini, chanzo ni hicho. Jaribu kushusha kiti kidogo, ili uzione mita bila kuinamisha macho sana.

Unasinzia kweli, na gari limenyamaza

Nitaanza na mfano, halafu tuuchambue.

Chukua dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi, akafanya kazi siku nzima, akaondoka saa tatu usiku. Gari lake linasoma usukani tu. Kwenye skrini lina vijisanduku vitano vya umakini, na ana msaada wa kushika njia, ule unaogeuza usukani wenyewe kulirudisha gari katikati ya mistari. Anakwenda kilomita 100 kwa saa. Ilipofika saa sita usiku vijisanduku vimebaki vitatu. Saa saba kasoro robo anasimama kujaza mafuta: anazima gari, anafungua mlango, ananyoosha miguu. Saa saba kamili anaondoka, na vijisanduku vimerudi vitano. Saa nane na nusu anashtuka gari likiwa linatetemeka juu ya ukingo wa barabara. Anatazama skrini: vijisanduku vinne. Hakuna onyo lililotoka.

Hakuna kilichoharibika kwenye gari hilo. Mafundi watano wakilipima hawatakuta kosa hata moja, kwa kuwa mfumo ulifanya kama ulivyoundwa. Vyanzo ni vitatu, na vimepangana kimoja juu ya kingine.

Chanzo cha kwanza ni kule kusimama. Kwenye magari mengi, kuzima injini, au kufungua mkanda na mlango gari likiwa limesimama, kunahesabiwa kuwa ni mapumziko. Kumbukumbu yote inafutwa. Gari halijui kama ulilala au ulilipia mafuta tu. Kwa dereva wetu safari ilianza upya saa saba, na saa nne zilizotangulia hazipo tena kwenye hesabu. Kuhakikisha ni rahisi: siku nyingine vijisanduku vikiwa vimepungua, simama, zima, fungua mlango, washa tena. Vikirudi vyote, umeshajua tabia ya gari lako. Tangu hapo, hesabu ya kweli ni ile unayoiweka wewe mwenyewe kuanzia saa uliyoamka.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi. Mfumo wa usukani haujui usukani wa mtu aliye macho unapaswa kuwaje kwa jumla, kwa sababu kila mtu ana mkono wake. Kwa hiyo dakika za mwanzo za safari, kwenye magari mengi ni robo saa hivi, unakusoma jinsi unavyoendesha, na kuchukulia kwamba hivyo ndivyo ulivyo ukiwa mzima. Baadaye unapima umeachana kiasi gani na mwanzo huo. Dereva wetu alisomwa upya kuanzia saa saba usiku, akiwa macho kwa saa 19. Mikono yake ilikuwa imeshapoteza yale marekebisho madogo, na gari likaandika kwamba huyu ndiye mtu wa kawaida. Ilipofika saa nane na nusu hakuwa ameachana sana na kipimo hicho kibovu. Dalili yake ni hii: vijisanduku vinabaki juu usiku wa manane, wakati mchana, kwenye safari ya urefu ule ule, huwa vinashuka.

Chanzo cha tatu ni msaada wa kushika njia. Mota inapogeuza usukani, sensa ya pembe inasoma mwendo wa mota na wa mkono kwa pamoja. Yale marekebisho madogo yanaonekana yapo, kumbe anayeyafanya si dereva. Gari haliegemei, kwa hiyo hakuna mshtuko wa kulirudisha, na ile jozi inayowindwa haitokei. Msaada huo una njia yake ya kukagua kama umeshika usukani, lakini mara nyingi inatosha mkono uwe na uzito kidogo juu ya duara. Mkono wa mtu aliyepitiwa na usingizi una uzito wa kutosha. Hata hivyo, sisemi uuzime. Usiku unaweza kukurudisha njiani pale ambapo ungetoka, na faida hiyo ni kubwa. Ninachosema ni kwamba ukiwa umewashwa kwenye gari lisilo na kamera ya uso, uhesabu kwamba hakuna anayeangalia usingizi wako.

Ongeza na jambo la mwendo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo tangu Julai 2024 zinagusa kila gari jipya linalosajiliwa huko, mfumo unatakiwa ufanye kazi kuanzia zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Chini ya hapo watengenezaji wengi huuacha umelala. Ukipanda mlima nyuma ya lori kwa saa nzima kwa mwendo wa kilomita 40, ukimya wa dashibodi hauna maana yoyote. Kanuni hizo pia zinatumia kipimo cha Karolinska chenye ngazi 9, ambacho mtu hujieleza usingizi wake mwenyewe. Onyo linatakiwa litoke kuanzia ngazi ya 8, nayo ni ya mtu mwenye usingizi anayejitahidi ili abaki macho. Kwa maneno mengine, hata mfumo unaofanya kazi vizuri haukuahidi kukuambia mapema. Unakuambia ukiwa tayari unapigana.

Lakini gari langu lina kamera ya uso

Ungekuwa salama zaidi kuliko dereva wa mfano wetu, ila si kwa kiasi ambacho wengi wanadhani. Kipimo kinachotumika sana kwa kamera kinaitwa PERCLOS: ni asilimia ya muda ambao kope zimefunika jicho kwa asilimia 80 au zaidi, mara nyingi kwa dakika moja. Tupige hesabu. Mtu aliye macho anapepesa, tuseme, mara 15 kwa dakika, na kila mara jicho linakuwa limefumba hivyo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Jumla ni sekunde 1.5 kati ya 60, yaani asilimia 2.5. Tuseme onyo limewekwa kwenye asilimia 15, yaani sekunde 9 kwa dakika. Mtu ambaye kope zake zimekuwa nzito, anayefumba na kufumbua taratibu dakika nzima, atafika hapo na ataonywa.

Sasa chukua mtu ambaye alikuwa akipepesa kawaida, akapitiwa na usingizi mara moja tu kwa sekunde 3. Jumla yake ni sekunde 4.5, sawa na asilimia 7.5. Ni nusu tu ya kiwango cha kuonya. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde hizo 3 zimelipeleka gari mita 83 bila dereva. Ndiyo maana mifumo mizuri haitegemei asilimia ya dakika peke yake, bali ina sheria ya pili inayolia papo hapo jicho likifumba mfululizo kupita muda fulani. Kitabu cha gari lako kikitaja onyo la macho kufumba mbali na onyo la uchovu, una hizo sheria mbili. Kikitaja la uchovu tu, mita 83 hizo zinaweza kupita kimya.

Na kuna hali ambayo sheria zote mbili zinaikosa. Usiku, kwenye barabara iliyonyooka, mtu anaweza kukodoa macho bila kuona. Kope ziko juu, kichwa kimenyooka, lakini macho yamegandia mahali pamoja na akili imekwenda. Dalili yake unaijua ukiwahi kujiuliza kile kijiji ulichotoka kukipita kilikuwa wapi. Kamera inaandika kwamba jicho limefumbuka, na ni kweli limefumbuka. Baadhi ya mifumo mipya inapima pia kama macho yanazunguka kwenye vioo na barabara, lakini barabara tupu ya usiku haina mengi ya kutazama hata kwa aliye macho kabisa, kwa hiyo kipimo hicho hudhoofika pale pale kinapohitajika.

Cha kufanya kabla ya safari inayofuata ya usiku

Andika saa uliyoamka, si saa uliyoondoka, na uiweke mahali utakapoiona. Mwili hushuka zaidi kati ya saa nane usiku na alfajiri hata kwa aliyelala mchana, kwa hiyo panga kusimama kabla ya saa nane, vijisanduku viwe vimejaa au vimepungua. Kwenye mipangilio ya gari, kama kuna ngazi za usikivu wa onyo la uchovu, chagua iliyo kali kabisa na uvumilie kelele zake.

Ukiwa barabarani, chukua dalili zako kuwa na nguvu kuliko skrini: umepita bango na hukulisoma, mwendo unapanda na kushuka bila sababu, umekanyaga mstari wa pembeni. Moja ikitokea na gari limenyamaza, usisubiri onyo lije kuthibitisha. Tafuta mahali salama, kunywa kahawa upesi, kisha lala dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua takriban nusu saa kufanya kazi yake vizuri, kwa hiyo usingizi unatangulia na kahawa inafuatia.

Ukiamka, usiwashe gari na kuondoka hapo hapo. Dakika za kwanza baada ya kulala kichwa bado ni kizito, na hizo ndizo dakika ambazo gari limefuta kumbukumbu na linaanza kukusoma upya. Shuka, tembea, osha uso, ngoja akili ikae sawa. Ukiondoka mapema, utalifundisha gari kwamba ule uzito ndio uzima wako, na kwa saa zote zilizobaki hadi asubuhi litakupima kwa huo.